Kazi ya kuongeza bila imeli, nani atailipa?

Kwenye shantye za migodi yetu, toka Kolwezi mpaka Fungurume na Likasi, kuko maneno ambayo kila mutu wa kampani ndogo anayajua. Musimamizi wa kampani kubwa anapita asubui, anaangalia beton yenye ilimwangwa jana, anarizika, halafu ananyoosha kidole: « Papa, muniongezee na kale kapande ka kule nyuma. Mufanye tu, tutapatana mbele. » Patro wa kampani ndogo anaitika, juu anaogopa kukosa kazi ya kesho. Wafanyakazi wanachukua majembe. Na hakuna mutu hata mumoja mwenye aliandika neno.

Sisi wa sendika tunakutana na hii habari mwisho wa mwezi, siku ya kulipwa. Mutu amefanya masaa mingi kupita kawaida, anaenda kudai franga yake, na patro anamujibu: « Ndugu, ile kapande mwenye kazi hayaikulipa. » Mwenye kazi, ni kusema kampani kubwa inayoagiza na kulipa, akiulizwa, anafungua mukataba na kusoma: mita 120, siyo 150. Ukiangalia vizuri, wote wawili hawasemi uongo. Ile kapande ilifanywa, lakini haiko kwenye karatasi yoyote, na kwa hiyo haiko kwenye kontabilite ya mutu yeyote.

Leo tunataka kuonyesha kitu kidogo ambacho kinakata hii mambo mbele haijaanza: imeli moja, haipiti ukurasa moja, yenye kuandika kazi gani imeombwa, bei yake, na tarehe mupya ya kumaliza. Si delege wa sendika njo anaituma, ni patro wa kampani ndogo. Lakini mushahara wa wafanyakazi uko ndani yake, na delege anayejua kuisoma anaweza kuuliza maulizo mbele ya siku ya kulipwa, si kiisha.

Hii mambo imekuwa kubwa kwetu toka sheria ya tarehe 8 februari 2017 juu ya sutretans. Ile sheria imetaka kazi za namna hiyo zipewe kampani zenye mitaji mingi ya Wakongomani. Watoto wetu wengi wamefungua kampani ndogo: moja ya kujenga, ingine ya kusafisha, ingine ya kusomba udongo. Wanajua kazi. Wanajua kukadirisha bei ya kwanza, ile ya kushindania soko. Pahali wanapoanguka ni katikati ya kazi, wakati mwenye kazi anabadilisha mawazo.

Tuchukue mufano. Tumeutunga kwa kuchanganya shantye mbalimbali tulizofuata, na hesabu tumezirahisisha ili kila mutu azishike. Kampani ndogo moja, watu 16 kwenye shantye, imepata kujenga kanivo ya beton nyuma ya atelye ya mugodi, ya kuongoza maji ya mvua. Mita 120, bei ya jumla dolari 26 000, kazi ianze tarehe 11 agosti na imalizike siku ya tano, tarehe 26 septemba. Mukataba unasema kila siku ya kuchelewa inakatwa sehemu 0,5 kwa mia ya bei, ni kusema dolari 130 kwa siku. Tarehe 10 septemba, kazi inaendelea vizuri, musimamizi anakuja na kusema maneno ile ya kidole. Mugodi umejenga magasini mupya ya dawa za kiwanda, na maji ya mvua yataingia ndani kama kanivo haifiki kule. Anaomba mita 30 zaidi. Na pahali lori zinapita, anaomba kanivo ifunikwe na dali.

Kesho yake, tarehe 11, patro anatuma imeli hii. Kule shantye iliandikwa kwa Kifaransa. Tunaiweka hapa kwa Kiswahili chetu.

« Mada: Kanivo ya atelye. Kazi ya kuongeza Na. 1. Bei na tarehe mupya.

Bwana musimamizi,

Jana siku ya tatu, tarehe 10 septemba, saa tatu ya asubui, kwenye shantye, mulituomba kazi mbili ambazo haziko ndani ya mukataba wetu. Ya kwanza, kuendeleza kanivo kwa mita 30, toka mwisho wa pulani mpaka nyuma ya magasini mupya ya dawa, kwa kipimo kile kile cha mukataba. Ya pili, kufunika mita 12 za hiyo kanivo mupya na dali ya beton ya sentimita 20, pahali pa kupita lori. Haiko ndani ya bei hii: kuhamisha kebo ya umeme ao bomba tukivikuta chini ya udongo.

Bei, bila TVA: kuchimba meta kubu 31, dolari 465. Beton ya kanivo na fere zake na kofraje, meta kubu 9,45, dolari 4 536. Dali, meta kubu 2,16, dolari 1 339. Shantye kubaki wazi siku 9, dolari 1 260. Jumla dolari 7 600.

Mukataba unamalizika tarehe 26 septemba. Kazi hii inaomba siku 9 za kazi, toka siku ya kwanza mpaka siku ya posho, bila siku ya Mungu. Tarehe mupya ya kumaliza yote ni siku ya pili, tarehe 7 oktoba. Dali itamwangwa tarehe 4 oktoba. Lori zisipite juu yake mbele ya tarehe 1 novemba.

Bei na tarehe hizi zinasimama tukipata jibu lenu la kukubali, kwa maandishi, mpaka siku ya posho tarehe 13 septemba. Kila siku ya kazi ya kuchelewa kwa jibu itasongesha tarehe ya kumaliza kwa siku moja. Tutaanza kazi hii kiisha kupata jibu. Kazi ya mukataba inaendelea kama kawaida. »

Ni yote. Hakuna malalamiko ndani, hakuna maneno ya kubembeleza, hakuna « tunategemea wema wenu ». Musimamizi mwenyewe anaipenda imeli ya namna hii, hata kama hatasema, juu naye ana mukubwa wake anayemuuliza sababu gani franga zinaongezeka.

Muangalie namna kazi imeelezwa. Haikuandikwa « kuongeza kanivo kidogo ». Imeandikwa inatoka wapi, inafika wapi, mita ngapi, unene gani, na nani aliiomba, siku gani, saa gani. Hii ya nani na saa gani ni ya lazima. Kiisha miezi miwili musimamizi anaweza kuwa amerudi kwao ao amehamishwa kwa mugodi mwingine, na mwenye kuchukua kiti chake atasema hajui kitu. Halafu kuko ile sentensi ya mambo ambayo haiko ndani ya bei. Kwenye migodi chini ya udongo kuko kebo na bomba za zamani ambazo hata pulani haizijui. Ukikuta kebo, kazi inasimama, watu wa umeme wanaitwa, siku tatu zinakwenda. Kama hukuandika, ni wewe unabeba.

Kwa bei, patro hakutunga namba mupya ya kichwa. Kuchimba ni dolari 15 kwa meta kubu na beton ya kanivo ni dolari 480, juu njo bei zilizo kwenye devi ya mukataba, na mwenye kazi amekwisha kuzikubali. Ukipandisha bei ya kitu kile kile juu tu mwenye kazi ana haraka, majadiliano yatakula wiki mbili na utapoteza haki yako ya kweli. Dali peke yake njo haikuwa kwenye mukataba. Hapo alipanga dolari 620 kwa meta kubu, na kwenye ukurasa wa kushonea alionyesha sababu: fere zinene na za karibu zaidi juu ya uzito wa lori, na kofraje ya tole ambayo inabaki ndani na haitumiki tena.

Ile dolari 1 260 wengi wanaisahau. Shantye ikibaki wazi siku 9 zaidi, mulinzi wa usiku analipwa siku 9, motoka ya kubeba watu inakunywa mafuta siku 9, agent wa usalama na shefu wa shantye wanabaki. Hapa ni dolari 140 kwa siku. Patro ambaye anahesabu simenti na fere peke yake anaona kama amepata faida, lakini mwisho wa mwezi hajui sanduku limepasuka wapi. Na sanduku likipasuka, tunajua ni mushahara wa nani unachelewa. TVA nayo ni sehemu 16 kwa mia, hapa dolari 1 216. Usipoandika « bila TVA », mwenye kazi atasema 7 600 ilikuwa na yote ndani.

Sasa tarehe. Hapa tunakaa kidogo, juu ni hapa watu wengi wanaumia. Kuko mapatro wanaandika kazi na bei vizuri kabisa, wanapata jibu la ndiyo, na wanasahau tarehe. Mwenye kazi amekubali dolari 7 600, lakini tarehe ya mukataba imebaki 26 septemba. Kazi inamalizika tarehe 7 oktoba. Kontabilite ya mwenye kazi inahesabu kuchelewa, na inahesabu siku za kalendari, siku ya Mungu ndani yake: toka tarehe 27 septemba mpaka 7 oktoba ni siku 11. Mara 130, ni dolari 1 430 zinakatwa kwa mutu ambaye hakuchelewa hata siku moja. Njo maana imeli inasema siku 9 za kazi, inaeleza siku ya kazi ni gani, na inataja tarehe yenyewe kwa namba. Ukiandika « siku 9 zaidi » na kuacha hapo, mwingine atahesabu mpaka 5 oktoba, mwingine mpaka 7.

Siku 9 zenyewe zinatoka wapi? Lazima uweze kuionyesha. Kuchimba siku tatu, kufunga fere na kofraje siku tatu, kumwanga beton ya kanivo na dali, halafu kutoa kofraje, kurudisha udongo pembeni na kusafisha. Jibu likitoka mapema, sehemu ya kuchimba ingeweza kufanywa pamoja na kazi ya mukataba, lakini watu 16 hawawezi kuwa pahali pawili. Mwenye kazi akiuliza, patro anamuonyesha pulani ya siku kwa siku, na mazungumuzo yanaisha upesi.

Na ile tarehe ya 1 novemba? Beton inapimwa nguvu yake kiisha siku 28. Kanivo inaweza kupokelewa tarehe 7 oktoba, maji yapite, lakini lori yenye kubeba tani makumi ikipita juu ya dali ya siku tatu, dali itapasuka, na mwenye kazi atasema ni beton mubaya. Kutoka 4 oktoba kuhesabu siku 28 unafika 1 novemba. Patro aliyeandika hivi anajilinda kwa mustari moja. Na kwetu Katanga, mwezi wa oktoba ni mulango wa mvua, kwa hiyo mwenye kazi naye anaona wazi sababu gani asikawie kujibu.

Kuko swali tunaloulizwa kila mara: kama musimamizi ameomba kwa mudomo na hataki kuandika, tufanye nini? Mikataba mikubwa ya ujenzi duniani imelijibu zamani. Shirikisho la kimataifa la mainjenieri wa ushauri, FIDIC, limetunga mikataba ya mufano, na ile ya kitabu chekundu ya mwaka 1999, kipande 3.3, inasema hivi: injenieri akitoa amri kwa mudomo, na mujenzi akamuandikia ndani ya siku mbili za kazi kuhakikisha ile amri, na injenieri akakaa siku mbili za kazi kiisha kuipokea bila kujibu kwa maandishi, basi ile barua ya mujenzi inakuwa amri ya kuandikwa. Ni vizuri kweli, lakini musichukue hii kama dawa ya kila homa. Inafanya kazi paka kama mukataba wenu unafuata FIDIC. Kampani ndogo nyingi zinatia sahihi mukataba wa kurasa tano uliotungwa na mwenye kazi, na ndani yake kuna mustari unaosema kinyume: hakuna kazi ya kuongeza itakayolipwa bila sahihi ya fulani. Dekre ya tarehe 30 julai 1888 juu ya mikataba, ambayo iko na nguvu kwetu mpaka leo, inafanya mapatano ya haki kuwa sheria kwa wale walioyafanya. Kwa hiyo soma kwanza mukataba wako, kiisha tuma imeli.

Ile ya bei ya jumla nayo si mambo ya leo. Kanuni ya sheria ya Ufaransa, namba 1793, toka mwaka 1804, inasema mujenzi aliyekubali bei ya jumla hawezi kudai nyongeza, hata kwa kusema kazi imebadilishwa ao imeongezwa, kama mabadiliko hayakukubaliwa kwa maandishi na bei haikupatanwa na mwenye nyumba. Sheria zetu za mikataba zina muzizi huo huo. Kwa hiyo patro anayesema « lakini walitumia kanivo yangu, wanaiona na macho » hasikilizwi vile anafikiri. Kuiona hawakatai. Wanakatai kuilipa.

Tuje kwa jibu. Kwenye migodi kuko watu wawili ambao wanafanana machoni mwa mutu wa nje. Kuko musimamizi wa shantye, mwenye kujua kazi, na kuko mukubwa wa idara ya mikataba, mwenye kukubali franga. Wa kwanza anaweza kukuomba kanivo, lakini mara mingi hana haki ya kuilipa. Angalia kwenye mukataba jina la kazi ya mutu anayeruhusiwa, na umuweke kwenye imeli pamoja na musimamizi. Si kumushitaki musimamizi. Ni kumusaidia apate sahihi.

Halafu soma jibu lenyewe na macho wazi. « Tumepokea, asante » haina « tumekubali ». Tumeona patro mumoja anachapisha « tumepokea » na kuiweka kwenye fakture kama ushuhuda, na kontabilite ikamurudishia siku hiyo hiyo. « Endeleeni, bei tutazungumuza » nayo ni nusu ya jibu: amri iko, bei haiko. Hapo unaandika tena, mistari miwili: tunaanza kwa amri yenu ya leo, kwa bei za imeli yetu ya tarehe 11, na tutaandika kila siku watu, masaa na vifaa, na musimamizi wenu atatia sahihi kila jioni. Kama hata ile sahihi ya jioni hawataki kutoa, hapo una alama ya kutosha kwamba hawatalipa, na heri urudi kwenye mita zako 120.

Hata jibu la « tumekubali » halimalizi yote. Mugodi unalipa kwa kufuata bon ya komande, na masini ya kontabilite haipokei fakture inayopita franga ya ile bon. Mukataba ni 26 000. Ukileta fakture ya 33 600, inarudi, hata kama kila mutu anakupenda. Lazima waongeze bon ao watoe mupya, na pahali pengine watie sahihi kwenye avena, ile karatasi ya kubadilisha mukataba. Imeli njo inayofungua ule mulango. Omba namba ya bon mupya mbele ya kumwanga beton, si kiisha.

Kwenye mufano wetu jibu la kukubali lilifika siku ya kwanza, tarehe 15 septemba, pahali pa siku ya posho tarehe 13. Siku moja ya kazi. Patro hakupiga kelele. Alijibu kwa mustari moja kwamba tarehe ya kumaliza sasa ni siku ya tatu, 8 oktoba, dali itamwangwa siku ya kwanza 6 oktoba, na lori zitapita toka 3 novemba. Wengine watasema ni kuhesabu sana juu ya siku moja. Ile siku moja ni dolari 130 za faini, na dolari 130 kwenye kampani ya namna hii ni mushahara wa mutu kwa siku nyingi.

Sasa upande wetu. Mara mingi mwenye kazi anasema: kazi ndiyo, bei ndiyo, lakini tarehe haisogei, mvua inakuja. Ni haki yake kuomba. Lakini basi ile haraka ina bei, na bei yake ni masaa ya watu. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 oktoba 2002 inaweka masaa 45 kwa wiki. Yale yanayopita, sita ya kwanza yanalipwa na nyongeza ya 30 kwa mia, yanayofuata 60 kwa mia, na ya siku ya kupumuzika 100 kwa mia. Mutu akifanya masaa 57 kwa wiki, ana masaa 12 ya kupita. Sita ya kwanza yanahesabiwa kama 7,8, sita ya pili kama 9,6. Kwa masaa 12 alipwe kama masaa 17,4. Kwa watu 16, wiki moja, ni masaa 278 na zaidi ya mushahara ambayo haikuwa kwenye devi yoyote.

Kwa hiyo imeli nzuri, wakati mwenye kazi anakataa kusogeza tarehe, inaweka bei mbili. Bei ya kwanza, 7 600, na tarehe 7 oktoba. Bei ya pili, yenye masaa ya kuongeza ao ekipe ya pili ndani, na tarehe ya karibu. Mwenye kazi anachagua. Hatari ni pale patro anakubali tarehe ya zamani kwa bei ya kwanza, ili apendeze. Hapo amekwisha kuuza masaa 17,4 ya kila mufanyakazi kwa bei ya 12, ao kwa bei ya sifuri, na hata hajui. Sisi tunamuona mwezi unaofuata kwenye ofisi ya sendika, anasema hana franga. Tunamuuliza: wakati ulikubali ile tarehe, ulihesabu masaa? Ananyamaza.

Delege hana haki ya kuona kila bei ya patro wake, na hatuombi hivyo. Anaweza kuomba vitu viwili bila kuvuka mupaka: kujua kama kazi ya kuongeza imeandikwa na imejibiwa, na kuona kwamba karatasi ya pwantaje ina kolone yake mbali, « kazi ya kuongeza Na. 1 ». Mutu akichimba asubui kwenye mita 120 na mchana kwenye mita 30, masaa yanaandikwa mbalimbali. Ile kolone inamusaidia patro kwanza, juu ni ushuhuda wake kwa mwenye kazi. Inamusaidia mufanyakazi pia, juu patro hawezi kusema kazi haikuwako.

Na kama kazi imekwisha kufanywa bila imeli? Andika leo, usingoje fakture. Eleza kilichoombwa, siku, nani, weka picha zenye tarehe na karatasi za pwantaje. Kwenye mikataba ya FIDIC ya 1999 mujenzi ana siku 28, toka siku alijua ao alipaswa kujua jambo, ya kutoa taarifa ya kudai franga ao siku. Zikipita, dai linakufa. Mikataba ya hapa mingine inatoa siku saba tu. Sauti za wasapu muzihifazi, zinasaidia, lakini muzigeuze kuwa imeli siku ile ile: simu inaanguka ndani ya maji, shefu anabadilisha namba, na sauti ya « fanyeni tu » haina mita, haina dolari, haina tarehe.

Siku ya kupokea kazi, kwenye PV, muandike mistari miwili: kanivo ya mukataba mita 120, na kazi ya kuongeza Na. 1, mita 30 na dali mita 12, imemalizika tarehe fulani kufuata imeli ya 11 septemba na jibu la 15. Musimamizi atie sahihi kwa yote mawili. Fakture nazo ziwe mbili, kila moja na namba ya bon yake, ili ubishi juu ya ile ya pili usizuie malipo ya ile ya kwanza.